Nilivyoandika upya ikisiri ya makala kuhusu "Amina" za Facebook

Makala yenyewe, kuhusu dua na "Amina" ambazo watu huandika chini ya taarifa za misiba kwenye Facebook, niliihangaikia karibu mwaka mzima. Ikisiri niliiandika jioni moja, macho yakiwa yameshachoka, na maneno msingi nikayajaza papo hapo kwa sababu fomu ya jarida ilikataa kuendelea bila hayo. Baada ya wiki mbili mhariri akanirudishia kwa mstari mmoja: "Ndugu mwandishi, ikisiri yako inaahidi, haisemi. Na kwa maneno msingi haya, nani atakupata?"

Nilikasirika kidogo, kisha nikaisoma tena. Ilikuwa hivi:

"Dini ni sehemu muhimu ya maisha ya binadamu. Siku hizi mitandao imebadilisha namna watu wanavyowasiliana. Makala hii inajadili lugha ya dini mitandaoni na umuhimu wake. Mwishoni mapendekezo yanatolewa."

Sentensi nne, na hakuna hata moja iliyohitaji mimi nifanye utafiti. Maneno msingi yalikuwa *lugha, dini, jamii, mtandao, mawasiliano*. Na kichwa? "Amina kwa Wote: Faraja na Imani Penye Msiba". Nilikipenda sana. Lakini hakikutaja Facebook, wala lugha, wala mtandao.

Kosa langu kubwa lilikuwa kusahau kwamba hifadhidata nyingi za makala za kitaaluma kwa kawaida hutafuta katika sehemu tatu tu: kichwa, ikisiri na maneno msingi. Katika Scopus, kwa mfano, utafutaji wa kawaida huandikwa `TITLE-ABS-KEY`, yaani sehemu hizo tatu kwa pamoja. Kurasa kumi na nane zinazofuata, pamoja na uchambuzi niliojivunia, hazihesabiki hapo. Kwa hiyo nilibandika sehemu zangu tatu kwenye faili tupu, nikajiuliza mtafiti mwenzangu angeandika nini kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha nikayapitia maneno hayo moja moja kwa `Ctrl+F`.

"Facebook": hakuna. "Maombolezo": hakuna. "Dua": hakuna, ilhali makala nzima inahusu dua. "Mtandao wa kijamii": hakuna pia, na hili ndilo lililonishangaza, kwa kuwa nilikuwa nimeandika "mitandao" mara mbili.

Hapa Kiswahili kina tabia yake. Maneno yetu mengi hubadilika mwanzoni. *Mtandao* huwa *mitandao*, *kitendo uneni* huwa *vitendo uneni*, *ombi* huwa *maombi*. Mtafutaji aliyezoea kuweka nyota mwishoni mwa neno ili apate maumbo yote, kama `mtandao*`, hatapata *mitandao*, kwa sababu tofauti iko kichwani mwa neno na nyota iko mkiani. Mfumo usiojua ngeli zetu unaona maneno mawili yasiyo na undugu. Dawa niliyoipata ni nyepesi: umoja nikauweka kwenye maneno msingi na wingi nikauacha ndani ya sentensi za ikisiri, au kinyume chake. Hakuna msomaji aliyeona kitu, lakini maumbo yote mawili yamo. *Dua*, kwa bahati nzuri, haibadiliki.

Lakini *dua* ilikuwa na shida nyingine. Maoni niliyokusanya yalitoka kwa Waislamu na Wakristo. Chini ya taarifa ileile ya msiba mmoja aliandika "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun", mwingine "Raha ya milele umpe ee Bwana". Ningeweka *dua* peke yake, anayetafuta *sala* au *maombi* asingenifikia, na nusu ya data yangu ingejificha nyuma ya neno la upande mmoja. Ningeweka yote matatu kwenye maneno msingi, yangekula nusu ya nafasi sita nilizoruhusiwa. Nikaamua *dua* na *maombi* ziwe maneno msingi, na *sala* ikaingia kwenye sentensi ya matokeo. *Lugha*, *dini* na *jamii* nikazifuta bila huruma. Neno linaloleta maelfu ya makala halimsaidii mtu kuipata yako.

Ikisiri mpya niliianzia kwenye matokeo, kisha nikarudi nyuma. Sehemu yake kuu ikawa hivi:

"Makala hii inachunguza lugha ya dini katika maoni yaliyoandikwa chini ya taarifa za misiba kwenye Facebook. Data ni maoni 300 ya Kiswahili kutoka taarifa 20 zilizo wazi kwa umma. Uchambuzi umeongozwa na nadharia ya vitendo uneni. Imebainika kuwa dua na sala fupi hufanya kazi tatu: kumwombea marehemu, kufariji wafiwa na kutambulisha imani ya mwandishi. Neno 'Amina' linapoandikwa peke yake halianzishi ombi, bali hutia sahihi ombi la mtu mwingine, hata wa dini tofauti."

Sentensi ya mwisho ndiyo makala yenyewe, na katika rasimu ya kwanza haikuwamo kabisa. Baada yake niliongeza sentensi mbili juu ya mitandao ya kijamii kwa ujumla na mipaka ya data, nikaishia chini ya maneno 200. Kichwa nacho nilikirefusha: "Amina kwa Wote: Lugha ya Dini katika Maoni ya Misiba kwenye Facebook". Sikutaka kuitupa "Amina kwa Wote", na mhariri alinihurumia.

Jambo moja nililiondoa kwa makusudi. Rasimu ya kati ilinukuu maoni ya mtu mmoja neno kwa neno, kwa kuwa yalikuwa mazuri mno. Ikisiri husomwa na kila mtu hata pale makala inapolipiwa, na nukuu kamili ukiitafuta mtandaoni inaweza kukufikisha kwa aliyeiandika, jina lake, picha yake na dini yake. Niliacha fomula zinazotumiwa na wengi, maneno ya mtu binafsi nikayatoa.

Jarida lilitaka pia ikisiri ya Kiingereza. Scopus huzingatia jambo hilo inapopokea majarida, kwa hiyo si urembo tu. Nilijifunza kutotafsiri maneno msingi moja kwa moja. *Dini mtandaoni* ina jina lake lililozoeleka katika fani, `digital religion`, na ukibuni lako unajitenga. Niliongeza pia `Swahili`, kwani wengi wanaotafuta kwa Kiingereza hawaandiki *Kiswahili*.

Nikadhani nimemaliza. Makala ilipotoka nilifungua ukurasa wake, nikabonyeza `Ctrl+U` kuona kilichofichwa nyuma, nikakuta hiki:

```
<meta name="citation_keywords" content="lugha ya dini dua maombi mtandao wa kijamii kitendo uneni maombolezo">
```

Maneno sita yamekuwa neno moja refu ambalo hakuna binadamu atakayelitafuta. Nilikuwa nimeyabandika yote kwa mkupuo kwenye kisanduku, badala ya kuandika moja na kubonyeza `Enter` kabla ya lingine. Kosa langu, si la mtu mwingine. Nilimwandikia mhariri, akalirekebisha siku ileile, na kila neno likapata mstari wake:

```
<meta name="citation_keywords" content="dua">
<meta name="citation_keywords" content="maombi">
```

Wiki chache baadaye niliandika "dua Facebook msiba" kwenye Google Scholar. Ilitokea ukurasa wa kwanza, ya nne kutoka juu.