Ruta Ilipozimika Katikati ya Sasisho, na Jinsi Nilivyoirudisha

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nimesasisha programu dhibiti ya ruta yangu bila tatizo lolote, hata nikaanza kuiona kazi hiyo kuwa ya kubofya tu na kusubiri. Siku ilipoharibika, kosa halikuwa la ruta wala la faili, bali la mguu wangu. Ruta na kompyuta zilikuwa zimechomekwa kwenye ekstensheni moja iliyolala sakafuni, nami nilipojinyoosha nikaikanyaga swichi yake. Taa zote za ruta zilizimika papo hapo, huku kompyuta ikibaki hai kwa betri yake na ukurasa wa kivinjari ukiendelea kuonyesha asilimia 62 kana kwamba hakuna kilichotokea.

Asilimia hizo, niseme mapema, si za kuaminiwa. Katika ruta nyingi mstari ule unaosogea ni saa tu iliyoandikwa ndani ya ukurasa, nao husogea kwa kadiri ya muda ambao watengenezaji walikisia kuwa kazi itachukua. Jambo la maana zaidi ni kujua kazi yenyewe ina hatua mbili. Kwanza faili hupakiwa kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye kumbukumbu ya muda ya ruta, ambako hukaguliwa kama ni ya ruta hiyo na kama imefika nzima. Muunganisho ukikatika katika hatua hiyo, hakuna kinachoharibika, kwa kuwa programu ya zamani haijaguswa. Ukiwasha ruta upya itaamka kama kawaida. Hatua ya pili ndiyo ya hatari: ruta huifuta programu ya zamani katika kumbukumbu yake ya kudumu, sehemu baada ya sehemu, na kuandika mpya mahali pake. Umeme ukikatika hapo, kinachobaki ni nusu ya programu, na nusu ya programu haiwaki.

Yangu ilikuwa imefika hatua ya pili. Nilipoiwasha tena, taa ya umeme iliwaka, kisha taa zote zikamemeta kwa pamoja mara moja na kuzimika, na baada ya sekunde kadhaa zikamemeta tena, vivyo hivyo bila kukoma. Waifai haikuonekana, na ukurasa wa usimamizi haukufunguka. Mtu akiona hali hiyo huweza kudhani kwamba ruta imekufa, ilhali kule kumemeta kwa kurudiarudia ni habari njema. Maana yake ni kwamba kipo kitu ndani kinachojaribu kuiwasha, kinaiona programu kuwa ni mbovu, na kinaanza upya. Kitu hicho ni programu ndogo ya kuwashia, nayo hukaa katika eneo lake pekee la kumbukumbu ambalo masasisho ya kawaida hayaligusi. Almradi iko hai, ruta inaweza kulishwa programu nzima kupitia waya.

Kilichonisaidia zaidi ni maandalizi ambayo kwa bahati sikuwa nimeyaruka. Nilikuwa nimesoma kibandiko cha chini ya ruta na kuandika jina la modeli pamoja na toleo la maunzi, yaani ile V1, V2 au V3 ambayo watu wengi huipuuza. Ruta mbili zenye jina moja na sura moja zinaweza kuwa na chipu tofauti kabisa ndani, na faili ya moja haiifai nyingine. Nilikuwa nimepakua faili mpya pamoja na faili ya toleo lililokuwa likifanya kazi, na zote mbili zilikuwa ndani ya kompyuta. Hili la pili ni rahisi kulisahau, lakini fikiria: ruta ikishindwa kuwaka, mtandao ambao ungeutumia kutafuta faili ya kuiokoa umeondoka nayo. Kisha nilikuwa nimelinganisha alama ya uhakiki ya kila faili na ile iliyochapishwa kwenye ukurasa wa kupakulia:

```
sha256sum ruta_v2.bin
```

Herufi zikilingana zote, faili imefika nzima. Zikitofautiana hata moja, faili hiyo hufutwa na kupakuliwa upya.

Sasa ilibaki kujua ruta inataka kulishwa namna gani, kwani programu za kuwashia hazifanani. Baadhi hufungua ukurasa mdogo wa dharura kwenye kivinjari, nyingine husubiri kompyuta izitumie faili, na nyingine huiomba faili zenyewe kwa TFTP, njia sahili ya kuhamisha faili kwenye mtandao, kutoka kwenye anwani maalumu. Badala ya kubahatisha, niliamua kuisikiliza. Nilizima waifai ya kompyuta, nikaunganisha waya kwenye mojawapo ya matundu ya LAN, wala si lile la WAN, kisha nikaanza kunasa kinachopita katika waya:

```
sudo tcpdump -ni eth0 arp or udp port 69
```

Nikazima ruta, nikabonyeza kitufe cha RESET kwa ncha ya kalamu, nikaiwasha huku nikiendelea kukibonyeza kwa sekunde kama kumi. Ujumbe ukatokea:

```
ARP, Request who-has 192.168.0.66 tell 192.168.0.86
```

Ruta ilikuwa imejipa anwani inayoishia na 86 na ilikuwa ikiulizia nani mwenye anwani inayoishia na 66. Hakuna aliyeijibu, ikanyamaza na kurudia kumemeta kwake. Niliipa kompyuta anwani hiyo, nikaweka faili ya toleo la zamani kwenye folda, nikahakikisha inasomeka na kila mtumiaji, kisha nikawasha seva ya TFTP:

```
sudo ip addr add 192.168.0.66/24 dev eth0
sudo chmod 644 /srv/tftp/*
sudo dnsmasq -d --port=0 -i eth0 \
  --enable-tftp --tftp-root=/srv/tftp
```

Nilichagua toleo la zamani kwa makusudi. Wakati wa kuokoa si wakati wa kujaribu jipya. Nilitaka programu ambayo nilikuwa nimeiona ikifanya kazi katika ruta ileile.

Jaribio la kwanza halikufaulu, wala la pili, wala la tatu, na hapa ndipo nilipopoteza sehemu kubwa ya jioni. Kila nilipozima ruta, kompyuta iliona waya umekufa, na programu inayosimamia mtandao ikaiondoa ile anwani niliyoiweka kwa mkono. Nilipoizuia isiguse tundu la waya la kompyuta, tatizo la pili likajitokeza: baada ya ruta kuwaka, tundu la kompyuta lilichukua sekunde kadhaa kukubaliana nayo kuhusu kasi, na kufikia wakati huo ruta ilikuwa imekwisha kuuliza na kukata tamaa. Dawa yake ilikuwa swichi ya mtandao ya kawaida, ile ndogo yenye matundu matano, niliyoiweka kati ya ruta na kompyuta. Waya wa kompyuta ukawa hai muda wote hata ruta ilipokuwa imezimwa, anwani haikuondoka tena, na kompyuta ikawa tayari kujibu mara tu ilipoulizwa. Ningejua hilo mapema ningeanza nalo.

Safari hii ruta ilijibiwa, ikasogea hatua moja mbele na kutaja faili inayoitaka:

```
192.168.0.86.2048 > 192.168.0.66.69: TFTP, length 39,
RRQ "ruta_v2_recovery.bin" octet timeout 5
```

Hapo nikaelewa kwa nini faili yangu isingepokelewa hata waya ungekuwa sawa. Ruta huomba jina moja tu, herufi kwa herufi, na faili yenye jina jingine kwake ni sawa na haipo. Nilibadilisha jina, nikaizima na kuiwasha tena kwa kitufe kilekile. Endapo kwako maombi yanaonekana kwenye waya lakini seva haisemi chochote, kagua ukuta wa moto wa kompyuta, kwa sababu mara nyingi ndio unaozuia poti ya 69 ya UDP.

Faili ilikuwa na ukubwa wa karibu MB 16, nayo husafirishwa kwa vipande vya baiti 512, kwa hiyo vipande vilivyopita vilikuwa zaidi ya 31,000. Hata hivyo ilichukua muda mfupi tu, na seva ikaandika kwamba faili imetumwa. Neno hilo linaweza kumponza mtu. Kutumwa kwa faili maana yake ni kwamba imefika kwenye kumbukumbu ya muda. Kufuta na kuandika ile ya kudumu ndiko kunakoanza sasa, na ni kazi ya polepole isiyoonyesha dalili yoyote kwenye skrini. Niliondoka chumbani ili nisishawishike kugusa chochote. Niliporudi baada ya dakika kumi, taa zilikuwa zimetulia na ruta ilikuwa imejiwasha yenyewe.

Kabla ya kurudisha chochote, niliirejesha kwenye mipangilio ya kiwandani, kwa kuwa mabaki ya mipangilio yaliyoandikwa na toleo jingine huweza kuleta hitilafu za ajabu ambazo mtu atahangaika nazo kwa siku nyingi. Sikutumia ile nakala ya mipangilio niliyokuwa nimeihifadhi. Niliyaandika mambo upya kwa mkono, kuanzia jina la mtumiaji na nenosiri la kuunganishia intaneti, ambayo nilikuwa nimeyanakili kwenye karatasi.

Njia hii ina mpaka wake. Ikiwa ruta imekaa na taa moja isiyobadilika, au haiwashi taa yoyote, na tcpdump haioni hata ujumbe mmoja baada ya kujaribu matundu yote ya LAN, huenda programu ya kuwashia yenyewe imeharibika. Hapo hulazimika kufungua kifuniko na kuunganisha waya za seri kwenye ubao, kwa kawaida kwa volti 3.3, au kuandika chipu ya kumbukumbu moja kwa moja kwa kifaa maalumu. Kabla ya kufika huko, jaribu adapta nyingine ya umeme yenye volti zilezile, kwa sababu adapta dhaifu nayo huifanya ruta iwake na kuzimika katikati, na dalili zake hufanana mno na za programu mbovu.

Siku tatu baadaye nililirudia sasisho lile lile. Ruta niliichomeka peke yake kwenye betri ya akiba, kompyuta ikatumia betri yake, waya ukatoka moja kwa moja kwenye tundu la LAN, na swichi ndogo pamoja na folda ya TFTP vilikuwa tayari mezani. Mstari ulipofika asilimia 62 nilijikuta nimeinua miguu juu ya kiti. Ruta ilijizima na kujiwasha baada ya dakika nne, na namba ya toleo kwenye ukurasa wa usimamizi ilikuwa mpya.