Siku moja maishani mwangu: mtu wa kompyuta na barua pepe isiyorudi

Nafanya kazi kwenye kampuni ya uwakala wa forodha na usafirishaji hapa Kampala. Wengi hudhani kazi yangu ni kubadilisha wino wa printa. Saa mbili asubuhi nakagua seva na betri zake, saa tatu nafungulia watu akaunti waliosahau nywila. Hayo hayana maelezo mengi.

Saa nne kasoro robo dada wa mauzo akaingia chumbani kwangu mikono ikimtetemeka. Alikusudia kumtumia mteja nukuu ya bei ya kusafirisha kontena kutoka Mombasa hadi Kampala, dola 3,150. Badala ya PDF ya mteja, akaambatisha jedwali letu la ndani, lile linaloonyesha kwamba safari yenyewe inatugharimu dola 2,700. Barua hiyo ilinakiliwa pia kwa mhasibu na kwa mzee, mkurugenzi wetu.

“Lakini nimeshairudisha, kaka,” akaniambia. “Ona, imekubali.”

Kweli, alikuwa amefungua Sent Items, akabonyeza Recall This Message, na ripoti imemjia: Message Recall Success. Nikamwomba aisome hadi mwisho. Jina lililoandikwa mle lilikuwa la mhasibu, ambaye hakuwa amefungua barua. Nakala yake ilifutika kwa sababu sanduku lake liko kwenye seva yetu ya Exchange, hapa hapa ofisini. Mzee alikuwa ameshaisoma, kwa hiyo kwake ilikuja Message Recall Failure. Kuhusu mteja hakukuwa na ripoti yoyote, ya heri wala ya shari.

Hapo ndipo watu wengi hupotea. Mteja anatumia Gmail. Nilipotafuta kwa `Get-MessageTrackingLog` na kusoma kumbukumbu za utumaji, seva ya Google ilikuwa imetujibu 250 2.0.0 OK, yaani barua imepokelewa. Baada ya jibu hilo seva yetu haina mamlaka tena juu ya barua ile. Ombi la kuirudisha halikuifuta. Lilimfikia mteja kama barua ya pili, inayosema kwamba mtumaji “would like to recall the message”. Mtu ambaye pengine hakuwa ameigusa ya kwanza sasa ana sababu ya kuifungua haraka.

Dada akataka kubonyeza tena. Nikamzuia, maana kila ombi ni barua nyingine kwa mteja. Akauliza kama naweza kuingia upande wa mteja nikaifuta. Siwezi, na hata ningeweza nisingefanya. Kama angetuma kiungo cha faili badala ya faili lenyewe, ningefunga ruhusa ya kiungo kile, basi. Faili lililoambatishwa lilikuwa limekwenda.

Tukakubaliana apige simu kwanza, kisha aandike. Simu ilichukua muda kupokewa, na huko nyuma mzee alikuwa mlangoni anauliza kwa nini tuna seva ya bei ghali isiyoweza kurudisha barua moja. Nilimweleza kwa heshima, mara mbili. Mteja alipopokea, akasema ameshaliona jedwali kwenye simu yake.

Barua ya masahihisho tuliiandika pamoja, na iliyotuchosha zaidi ni hiyo. Nilikataa maneno kama “samahani, puuza barua iliyopita”, kwa sababu hayasemi ni ipi. Tukaweka kichwa kipya chenye namba ya nukuu na neno “toleo la 2”. Tukaandika kwamba faili la asubuhi ni hesabu za ndani na si pendekezo la bei, kwamba toleo hili ndilo halali na hadi lini, na tukamwomba alifute lile na kutujibu akishafanya hivyo. Kisha PDF ikafunguliwa na watu wawili kabla ya kutumwa. Saa ya kutuma nayo ilikuwa na uzito: chini ya Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010, pendekezo laweza kuondolewa kabla ya kukubaliwa, kwa hiyo tulitaka maandishi yetu yafike kabla ya neno “nakubali”.

Chakula cha mchana nilikula jioni. Mteja alijibu kwamba amefuta, ila macho yalishaona. Akashikilia punguzo, na mzee akamaliza kwa dola 2,950.

Kabla ya kutoka nilizunguka meza za mauzo nikiweka kanuni ya Outlook, “defer delivery by a number of minutes”, dakika 5 kwa kila barua. Kijana mmoja akalalamika kwamba wateja watasubiri. Nikamwonyesha folda ya Outbox: kwa dakika hizo barua bado ni yake, anaifungua, anabadilisha kiambatisho au anaifuta kabisa. Nikamwonya pia kwamba kanuni hii inaendeshwa na Outlook ya kompyuta yake, si seva. Umeme ukikatika au akifunga programu mapema, barua itabaki pale hadi afungue Outlook tena. Akaniomba nimwekee 2. Nikamwekea 5.