Siku moja maishani mwangu: kuhesabu mahindi ambayo sikuyapanda

Nikimwambia mtu kwamba nafanya utafiti wa kilimo, macho yake hushuka kwenye viatu vyangu kutafuta tope. Halipo. Shamba langu ni jedwali la kompyuta, na kila mstari wake ni jaribio ambalo mtu mwingine alilipanda, akalipalilia na kuinama juani kuhesabu funza. Mimi nafanya mapitio: nasoma majaribio yote yanayopatikana, natoa tarakimu zake na kuziweka kwenye mizani moja. Swali ninalolifukuza mwaka huu ni hili: mkulima mdogo akichanganya mahindi na maharagwe, wadudu waharibifu wakapungua na viumbe wengine wakaongezeka, je, faida hiyo anailipia kwa mavuno?

Saa 12 asubuhi nachuja. Nasoma vichwa na muhtasari wa makala zaidi ya mia mbili, nabaki na kumi na moja. Nyingi zinaanguka kwa sababu ileile: hazina shamba la zao moja la kulinganishia.

Saa 2 naingia kwenye simu na mwenzangu. Kila makala tunaitoa tarakimu watu wawili, kila mtu kivyake, kisha tunalinganisha. Leo tumetofautiana mara sita. Tano zimeisha haraka, ni macho tu yalipitiwa. Ya sita ilikuwa mbawakawa na buibui wa ardhini. Makala inasema walikuwa wachache kwenye shamba la mchanganyiko kuliko kwenye mahindi matupu, na mwenzangu ameandika hivyohivyo.

“Dada, rudi kwenye mbinu,” nikamwambia. “Waliwakamata kwa nini?”

“Vikombe vilivyofukiwa ardhini.”

Hapo ndipo penye mtego ndani ya mtego. Kikombe kilichofukiwa usawa wa udongo hakihesabu wadudu waliopo. Kinahesabu wanaotembea wakatumbukia. Kwenye ardhi tupu katikati ya mistari ya mahindi mbawakawa anakimbia moja kwa moja, lakini maharagwe yakishatambaa anapita polepole akizunguka mashina, na huenda asikifikie kikombe kamwe. Kwa hiyo wadudu wanaweza kuwa wengi zaidi na kikombe kikawa na wachache. Hatukuifuta ile tarakimu. Tumeipa alama yake, tuone jibu linabadilika vipi tukiiondoa.

Saa 4 nikafungua makala ambayo imekula siku yangu. Tarakimu zake nimezibadilisha kidogo ili mwenyewe asijulikane, ila mantiki ni ileile.

Muhtasari wake unasema kuchanganya mahindi na maharagwe kulipunguza bungua, yule funza anayetoboa mabua, kwa asilimia 30, lakini mavuno ya mahindi yakashuka kwa asilimia 35. Ukiishia hapo unayo hadithi safi: wadudu wamepungua, chakula kimepungua, chagua moja. Wengi huishia hapo. Mimi hulipwa nisiishie hapo, ingawa kuna siku natamani.

Nikashuka kwenye aya ya mbinu. Shamba la mahindi pekee lilipandwa sentimita 75 kati ya mistari na 25 kati ya mashina, yaani mashina 53,333 kwa hekta. Kwenye mchanganyiko, kila mstari wa pili wa mahindi uling’olewa kwenye mpango na nafasi yake ikapewa maharagwe. Mahindi yakabaki 26,667. Sentensi inayosema hivyo ni moja tu, imejificha katikati ya maelezo ya mbolea.

Majaribio ya kuchanganya mazao ni ya aina mbili, na ukiyachanganya yenyewe umeharibu kila kitu. Aina ya kwanza ni nyongeza: mahindi yanabaki idadi ileile, maharagwe yanaingizwa katikati. Hapo mahindi yakishuka ujue kweli yamegombania maji, mwanga au chakula na maharagwe. Aina ya pili ni badala: zao moja linampisha mwenzake. Hapo mahindi yatashuka hata kama maharagwe ni malaika, kwa sababu nusu ya mahindi hayakupandwa.

Uchambuzi mmoja mkubwa uliotoka mwaka 2011, uliokusanya majaribio 552 kutoka makala 45, ulikuta wadudu waharibifu wanapungua na maadui wao wa asili wanaongezeka kwenye mashamba yenye mimea mchanganyiko, lakini mavuno yanashuka kidogo. Wenyewe walieleza kwamba sehemu ya hasara hiyo inatokana na zao kuu kupunguzwa idadi au kupisha mimea mingine. Watu hunukuu kushuka, maelezo wanayaacha.

Basi nikachukua karatasi. Mahindi pekee: tani 3.0 kwa hekta. Mchanganyiko: tani 1.95. Gawa kwa mashina, na shina moja linatoa gramu 56 kwenye mahindi pekee, gramu 73 kwenye mchanganyiko. Hasara ya asilimia 35 imegeuka faida ya asilimia 30, kutoka kwenye magunia yaleyale. Maharagwe nayo yalitoa tani 0.45, wakati yakipandwa peke yake yanatoa 1.0. Jumlisha uwiano wa kila zao, mavuno ya mchanganyiko kwa mavuno ya peke yake, yaani 0.65 na 0.45, unapata 1.10. Maana yake, kupata mavuno hayo kwa kutenganisha mazao ungehitaji hekta moja na sehemu ya kumi.

Ningekuwa mpiga debe wa mseto ningefunga kompyuta hapo. Lakini ile gramu 73 nayo siiamini. Shina lililopewa nafasi mara mbili litanenepa hata bila maharagwe na hata bungua wakiwa walewale. Nani kalinenepesha: nafasi, maharagwe, au kupungua kwa wadudu? Ili kujua unahitaji shamba la tatu, la mahindi pekee yaliyopandwa kwa idadi ileile ya nusu. Kwenye makala halimo. Wiki tatu zilizopita nilimwandikia mwandishi kumuuliza. Kimya.

Hata hao bungua wana utata. Asilimia 30 ni kwa shina: kutoka funza wawili hadi 1.4. Ukihesabu kwa hekta wamepungua kwa asilimia 65, kwa kuwa mashina yenyewe ni nusu. Anayetaka kujua shina linaumia kiasi gani atumie ya kwanza. Anayetaka kujua ni funza wangapi watageuka nondo na kuruka kwenda shamba la jirani atumie ya pili. Mimi nimeweka zote mbili kwenye safu tofauti, na jedwali limezidi kunenepa.

Saa 7 na dakika chache, simu. Ofisa wa mradi unaotufadhili anaandaa ripoti.

“Daktari, habari za kazi. Nina nafasi ya sentensi moja tu. Mseto unaongeza mavuno au unapunguza?”

“Inategemea umepanda kwa nyongeza au kwa badala.”

“Nielewe, Daktari. Moja tu. Asilimia ngapi?”

Nikamweleza. Akasema ameelewa, kisha akauliza asilimia ngapi. Nikamweleza kwa mfano wa viti: ukiondoa nusu ya viti ukumbini usishangae watu waliokaa kupungua. Akacheka, akasema mfano ni mzuri, ila bosi wake anataka namba. Dakika arobaini. Mwisho nikamwambia ile 1.10 naweza kuitetea kama matumizi ya ardhi katika jaribio moja, lakini siyo kama jibu la mkulima, maana familia inayohitaji mahindi ya kufika msimu ujao haili uwiano. Ikiwa shamba ni dogo na lazima litoe mahindi kwanza, ile asilimia 35 ni njaa ya kweli, haijalishi kila shina limenenepa vipi. Akaahidi kunipigia kesho, na najua ataniuliza asilimia ngapi.

Baada ya hapo sikuangalia tena saa. Kazi ya alasiri ni kuvua tarakimu kutoka kwenye michoro, kwa sababu waandishi wengi hawaweki majedwali. Unafungua mchoro ndani ya WebPlotDigitizer, unabofya chini ya mhimili, unabofya juu, halafu unabofya ncha ya kila nguzo na ncha ya kijiti kinachosimama juu yake. Kile kijiti ndicho kinachouma. Kinaonyesha vipimo vimetawanyika kiasi gani, lakini mwandishi hakusema ni SD, yaani mtawanyiko wa vipande vya shamba vyenyewe, au SE, ambayo ni SD iliyogawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipande. Hapa vipande ni vinne na kijiti ni 0.15. Kama ni SE, SD ni 0.30, na kwenye programu ya R hesabu inakuwa hivi:

```r
library(metafor)
escalc(measure="ROM", m1i=1.95, sd1i=0.30, n1i=4,
       m2i=3.00, sd2i=0.30, n2i=4)
#      yi     vi
# -0.4308 0.0084
```

`yi` ni logi ya uwiano wa mavuno, `vi` ni kiasi cha shaka iliyomo ndani yake. Weka 0.15 mahali pa 0.30 na `vi` inakuwa 0.0021, ndogo mara nne. Kwenye hesabu ya uzito ya kawaida, jaribio hili lingepewa sauti mara nne kuliko linavyostahili, kwa kosa la herufi moja. Nikakagua kwa kutumia akili ya shambani: kijiti kikiwa SD, basi vipande vinne vya mahindi vilitofautiana kwa asilimia 5 tu. Kwenye mashamba ya wakulima, yenye kichuguu kona hii na kivuli kona ile? Sidhani. Nikaandika SE, na pembeni nikaweka “kudhaniwa”.

Macho yalikuwa yanawaka. Nilibofya nguzo moja mara tatu nikidhani ni tatu tofauti, nikafuta, nikaanza upya.

Usiku, nikiwa nataka kuzima, barua pepe ikaingia. Mwandishi. Anaomba radhi, alikuwa mashambani. Vijiti ni SE. Halafu: ndiyo, walipanda pia mahindi pekee kwa idadi ya nusu, ila makala ilikuwa ndefu wakakiondoa kile kipande. Ameambatanisha picha ya ukurasa wa daftari, kona imelowa, wino umetambaa, lakini tarakimu zinasomeka. Vipande vinne, wastani tani 1.80.

Nikarudi kwenye karatasi ya asubuhi. Kupunguza mashina kulishusha mahindi kutoka 3.0 hadi 1.80. Kuweka maharagwe kwenye nafasi iliyobaki kuliyapandisha hadi 1.95. Kwa shina, nafasi peke yake inaeleza asilimia 20, na maharagwe pamoja na kupungua kwa bungua yanaongeza kama asilimia 8 juu yake. Maharagwe hayakula mahindi.

Ila hiyo nyongeza ni tani 0.15, na kijiti ni 0.15. Nimefuta “kudhaniwa”, nimeongeza mstari mmoja kwenye jedwali, nimeandika pembeni “chanzo: daftari la mwandishi, halijachapishwa”, na nimemwandikia mwenzangu autoe naye kivyake kesho, bila kumwambia nimepata nini.