Ile "haya" ya Jumamosi

Tangu Jumamosi jioni kuna neno moja la herufi nne linanizunguka kichwani. Dada Rehema kajifungua mapacha Jumanne salama salimini, moko ya kidato cha nne imekwisha, mkuu wa shule kanirudishia zamu ya wiki niliyokuwa naikwepa tangu Mei. Yote hayo yamepita. "Haya" haijapita.

Mnaonisoma tangu mwaka jana mnajua nilivyojitosa kwenye ramani za kompyuta kwa programu ya QGIS, zile Mama Jofu anazoziita "michoro yako ya usiku". Na mnaikumbuka aibu ya Machi, nilipomwandikia yule bwana wa upimaji. Leo nimeufungua tena ule ujumbe, nikausoma kwa jicho moja. Ulianza kwa "Shikamoo kaka", peke yake, kisha nikakaa kusubiri marahaba. Marahaba haikuja. Kesho yake nikaongeza "samahani kwa usumbufu", nikashusha aya tano za historia ya maisha yangu, nikaambatanisha wasifu na vyeti, nikafunga na "kazi yoyote, hata kujitolea niko tayari". Tiki mbili za buluu, kimya mpaka leo. Kwenye picha yule kaka ni mdogo kwangu kwa miaka kama sita. Mtu mzima akimpa kijana asiyemjua shikamoo, kijana anajua kabisa kinachofuata ni ombi.

Safari hii nilikaa siku nne na ujumbe mmoja. Huyu dada nilimwona LinkedIn, alikuwa ameweka ramani ya mitaro ya bonde la Msimbazi, zile sehemu za Dar zinazozama kila masika. Nilichomwandikia ni hiki, sikubadilisha kitu:

"Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa jiografia Morogoro, najifunza QGIS. Nimeona ramani yako ya mitaro ya Msimbazi na nina swali moja: karatasi za zamani za Arc 1960 mnazioanishaje na picha za sasa? Yangu ya Morogoro imehama karibu mita 300. Ukipata dakika 15 wiki hii au ijayo nitakupigia mimi. Ukiwa umebanwa, hata jibu la mstari mmoja linatosha."

Salamu na shida vimo kwenye ujumbe mmoja, hajalazimika kuitikia kwanza ndipo ajue natafuta nini. Dada, mama, mheshimiwa, vyote nimeviacha, maana sijui umri wake. Na hilo la "nitakupigia mimi" msilidharau: mgeni anayeomba maongezi halafu anabipu amejimaliza mwenyewe.

Swali lenyewe halikuwa la kutunga. Arc 1960 ni mfumo wa zamani wa vipimo, ndio uliochorewa karatasi zetu. Nilikuwa nimeskani ile karatasi ya 1:50,000 iliyobandikwa ofisi ya jiografia, nikaipandisha juu ya OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni, mto Ngerengere ukakaa kwenye nyumba za watu. Usiku tatu nabofya tu. Baada ya siku mbili akajibu: "Uliiambia ni EPSG gani?" EPSG ni namba inayoiambia programu ramani imepimwa kwa mfumo upi. Nilikuwa nimechagua EPSG:32737, ambayo ni ya WGS 84, mfumo wa GPS. Karatasi imechorwa kwa Arc 1960, inataka EPSG:21037. Namba za gridi zinafanana sura, ila zinahesabiwa kutoka umbo jingine la dunia. Nikabadilisha, mto ukarudi mahali pake, nikamtumia picha ya kabla na ya baada. Nadhani ile picha ndiyo iliyoniletea simu, kuliko ustadi wa ujumbe. Aliona nimeifanyia kazi. Akaandika: "Jumamosi saa kumi nina nafasi."

Nilipiga saa kumi na dakika moja. Sikuuliza nafasi zipo au hazipo, wala mshahara. Nilimuuliza wiki iliyopita alifanya nini hasa. Akacheka. Siku tatu, anasema, alikuwa anasafisha majina. Mtaa uleule mmoja kaandika "Mtogole", mwingine "Kwa Mtogole", wa tatu kaunganisha "Kwamtogole", na kompyuta inahesabu mitaa mitatu. "Ramani yenyewe, mwalimu, ni saa mbili za mwisho. Kabla ya hapo ni kufua nguo za watu." Hilo sikuwahi kulisikia kwenye video yoyote. Na mimi ninayesahihisha madaftari 180 kwa wiki, nikajikuta nasema moyoni, mbona hiyo naiweza.

Dakika ya kumi na nne nikamwambia muda nilioomba unakwisha, nimwachie apumzike. Akasema hana haraka, tukaendelea. Ndipo lilipotoka.

"Sasa mwalimu, unatafuta kazi?"

"Hapana, hapana! Nilitaka tu kujua."

Kimya kidogo. Halafu: "Haya."

Tukaagana vizuri, akanitakia Jumamosi njema. Lakini ile haya! Kuna haya ya "sawa, tuendelee", na kuna haya ya mama anapokuona na mdomo wenye sukari nawe unasema hujaigusa. Kuna nyingine ya kufunga mlango taratibu. Na kuna haya yenyewe, ile ya soni, ambayo ndiyo ilinipata mimi nikiwa nimesimama nje kwenye kamba ya nguo na simu sikioni. Nimeisema kwa sauti mara ngapi sijui, kwa kushusha, kwa kupandisha. Mama Jofu kaniuliza jikoni, "Haya nini?"

"Hapana" moja ingekuwa jibu. Mbili ni za mtu aliyeshikwa. Kumbe mimi nilidhani kutoonekana na njaa ni kukana kwamba nina tumbo.

Jumapili baada ya ibada nikaandika shukrani. Nikamwambia nimeanza kuorodhesha majina ya mitaa ya Kihonda kwa tahajia zake zote, kama alivyonielekeza. Kisha, baada ya kufuta mara sita: "Jana uliniuliza kama natafuta kazi nikasema hapana. Ukweli natamani kuhama ndani ya mwaka mmoja. Sikupiga kuomba nafasi, ndiyo maana nilishtuka."

Akarudisha sauti ya dakika mbili. Nimeisikiliza mara nne. "Mwalimu, nilijua. Mtu hapigani na Arc 1960 usiku kwa ajili ya kujua tu." Akacheka tena. Anasema aliuliza ili ajue anipe maelezo gani, kwa sababu anayetaka kufundisha ramani darasani anamwambia hivi, na anayetaka kuingia kazini anamwambia vingine. Vingine hivyo nilijinyima mwenyewe kwa "hapana" mbili. Akanipa kwa ufupi: wengi huanza na kazi za muda za kukusanya data, miguuni, simu mkononi, na likizo za walimu zinaangukia vizuri. Nisitume wasifu kwanza, nitume ramani moja ya mahali ninapopajua kuliko yeyote, na kando yake aya moja inayosema data ilikuwa chafu wapi na nilifanyaje. Ofisini kwake hakuna nafasi, amelisema mwenyewe bila kuulizwa. Nikashangaa nimepumua.

Basi nachora Kihonda. Jofu anashika futi, ameshanisahihishia jina la kilabu cha mpira.

Nilipompigia Bi Mkubwa kumpa habari za mapacha alikohoa mara tatu kabla ya kufurahi. Anasema ni vumbi la mpunga. Mpunga walimaliza kupepeta wiki mbili zilizopita.