Moto 350

Kadi ya bibi ya mkate wa mayai ilikuwa na madoa ya samli, na wino wake umeanza kufifia. Mayai 8, sukari nusu ratili, unga nusu ratili, iliki. Chini kabisa aliandika: "Moto 350, dakika 40." Ilikuwa sikukuu ya kwanza tangu afariki, na mimi nilikuwa nimeazimia kwamba nyumbani kwetu Wete tutakula mkate wake.

Oveni yetu ya umeme namba zake ziliishia 250. Nikaona moto wake hautafika wa bibi, kwa hiyo nikazungusha swichi mpaka mwisho na kujiambia kwamba nitauacha mkate zaidi ya dakika 40. Dakika 15 hazijatimia, harufu ya kuungua ikanifuata uani. Juu mkate ulikuwa mweusi, umepasuka katikati, na kwenye ufa ulichuruzika uji wa mayai. Ganda lilikuwa limekauka kabla joto halijafika ndani, na uji uliokuwa bado unaumuka ukalipasua ili utoke.

Mama aliichukua kadi akaisoma polepole. "Mwanangu, oveni ya bibi yako namba zake zilifika 500. Hizi si namba za oveni yako."

Nikampelekea kadi maalim jirani yetu, aliyekuwa akisomesha sayansi. Alipoona neno ratili tu akatikisa kichwa. "Mtu anayepima kwa ratili, moto wake ni wa Farenihaiti. Wewe unapika kwa Selsiasi." Akachukua penseli. Katika Farenihaiti maji huganda kwenye 32, si kwenye sifuri, kwa hiyo kwanza unatoa 32: 350 inabaki 318. Kisha unazidisha kwa 5, unapata 1590, unagawa kwa 9. Jibu ni 176 na ushei.

Nikamwomba anigeuzie na 250 yangu. Akarudi nyuma: mara 9, gawa kwa 5, ongeza 32. Ikaja 482. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilidhani moto wangu umepungua kwa 100, kumbe ulikuwa umeuzidi wa bibi kwa nyuzi 132 za kwake.

Jioni nikapiga mayai 8 mengine mpaka yakawa mazito na meupe, nikatia unga kidogo kidogo, nikaweka swichi kwenye 175. (Oveni yetu haikuwa na feni. Ingekuwa nayo, ningeshusha mpaka 155 hivi, maana feni huusukuma moto kwenye mkate.) Dakika ya 38 nikachoma kijiti katikati, kikatoka kikavu. Juu mkate ulikuwa na rangi ya hudhurungi, na nilipoubonyeza kwa kidole ulirudi.

Nilitaka kufuta ile 350. Mama akanishika mkono, akachukua penseli mwenyewe, akaandika pembeni yake, kwa herufi ndogo: "175 ya kwetu."