Siku moja maishani mwangu: video ya mtaro kwa vibarua wasiosoma, Dodoma

Saa 12:10 asubuhi. Ninafika saiti yetu, upande wa Njedengwa, na tayari vibarua wamejipanga getini. Wengi wametoka Bahi, Chamwino na Kondoa baada ya mavuno, na kwa kuwa wengine huajiriwa kwa siku, kila asubuhi huwamo watu ambao hawajawahi kukanyaga hapa. Mimi ni afisa usalama wa saiti hii. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maelezo na mafunzo ya usalama, na katika saiti nyingi nilizopitia wajibu huo ulitimizwa kwa kuwasomea karatasi ya masharti na kuwawekesha dole gumba kwenye daftari. Dole gumba linathibitisha kwamba mtu alikuwepo. Juu ya alichoelewa halisemi neno.

Saa 12:30 ninawaingiza wageni kwenye kontena tulilolifanya chumba cha video. Projekta tuliiacha mapema, kwa sababu jua la Dodoma likishapanda picha hufifia hata mlango ukifungwa, kwa hiyo tunatumia televisheni na spika moja iliyowekwa usawa wa masikio. Video nzima ina dakika tisa na inahusu mambo matano: mtaro, jukwaa, tipa linalorudi nyuma, nondo zilizochomoza na nyaya za umeme. Leo nitaeleza mtaro peke yake, kwa kuwa ndiyo kazi wanayopewa wageni siku ya kwanza, na ndiyo sehemu ya video inayonishughulisha kuliko zote.

Sehemu hiyo huanza kwa filimbi mbili ndefu. Anaonekana nyapara wetu, mzee anayefahamika na nusu ya vibarua, akisalimia “Mbukwenyi”, kisha anasimama kando ya mtaro wenyewe watakaouchimba, si mtaro wa kuigiza. Anasema maneno matatu na kila neno lina ishara yake ya mkono: “Ufa!” huku akinyoosha kidole chini, “Toka!” huku akionyesha ngazi, “Ita!” huku akipeleka viganja mdomoni. Maneno hayo husikika kabla ya tendo, husikika tena tendo linapofanyika, kisha picha inasimama na watazamaji wote wanayatamka kwa sauti wakiwa wamesimama, pamoja na ishara. Ishara zimewekwa makusudi, kwa sababu mashine ya zege ikianza kunguruma sauti ya mtu haifiki mita kumi.

Kabla ya maneno hayo ilinibidi kuchagua picha, na hapo ndipo penye ugumu ambao watu wa ofisini huwa hawautarajii. Mchoro wa mtaro uliokatwa ubavuni, kama unavyochorwa kwenye vitabu vya usalama, niliwahi kuwaonyesha vibarua na kuwauliza wanaona nini. Mmoja akasema ni nyumba isiyo na paa, na mtu aliyechorwa ndani amesimama sebuleni. Alama ya duara jekundu lenye mstari wa kukata, ambayo katika viwango vya kimataifa maana yake ni katazo, mwingine aliieleza kuwa ni mtu aliyebeba ngazi begani. Watu hawa si wazito wa kuelewa. Jioni hukaa kwenye vibanda umiza na kufuata filamu ya kigeni mwanzo hadi mwisho, ilimradi kuna sauti inayowaelezea. Mtu halisi katika mahali halisi wanamwelewa mara moja. Alama ya kuchora ni jambo la kufundishwa, na asubuhi moja haitoshi kulifundisha. Ndiyo maana katika sehemu ya mtaro hakuna mchoro hata mmoja. Pia tendo sahihi huonyeshwa kwanza na kurudiwa mwishoni, na kosa huonyeshwa mara moja tu katikati, kwa sababu mtu asiye na karatasi ya kurejea huondoka na picha aliyoiona mwisho.

Uzito wa udongo nao hatuutaji kwa tarakimu. Mita moja ya ujazo ya udongo ina takriban tani moja na nusu, lakini tani ni hesabu ya dereva wa lori. Kwenye video tumepanga toroli 20 zilizojaa kando ya mtaro, na nyapara anazipita moja baada ya nyingine bila kusema kitu, kisha anaonyesha kipande cha ukingo chenye ujazo huo na kusema: “Hizi zote zinakuangukia kwa pamoja.” Anagusa kifua chake na kueleza kwamba udongo ukikubana hapo huwezi kuvuta pumzi hata kama kichwa kiko nje. Kontena huwa kimya wakati huo, jambo ambalo karatasi ya masharti haikuwahi kulifanya.

Saa 1:15 video inaisha. Siulizi “mmeelewa?”, maana jibu lake ni “ndiyo, mama” siku zote. Ninawapeleka mtaroni na kumwomba mmoja mmoja anionyeshe ufa, anionyeshe atakapotokea, na anionyeshe atakayemwita. Anayekwama harudishwi nyumbani. Anapewa kazi ya nje ya mtaro na kutazama tena saa nne. Mtaro huu ni wa bomba la majitaka, una kina cha mita 1.8, na sehemu ndefu imeegemezwa kwa mbao na mirunda. Udongo wa huku ukikauka huwa mgumu kama tofali, na ugumu huo ndio unaowafanya watu wauamini. Dalili ya kwanza huwa ufa mwembamba unaokwenda sambamba na ukingo, nusu mita hivi kutoka kwenye mdomo wa mtaro, na mara nyingi huanzia palipomwagwa kifusi karibu mno au mahali tipa lilipopita.

Saa 4:00, dakika chache kabla ya chai, ninapuliza filimbi mbili ndefu bila kumwambia mtu. Hili ndilo zoezi ninaloliamini kuliko maswali yote. Ngazi zimepangwa ili mtu asitembee zaidi ya mita saba kuifikia, na karibu wote wanatoka kwa utaratibu. Wawili wanajivuta kwa kukamata murunda wa egemeo, kosa ambalo nyapara analisahihisha hapohapo, kwa kuwa murunda huo ndio unaoshika ukuta, na ukivutwa unaweza kuhama. Kijana mmoja, ambaye asubuhi alitamka maneno yote matatu vizuri kuliko wenzake, anafika kwenye ngazi, anageuka, anarudi hatua kadhaa ndani ya mtaro na kuinama kuokota sululu.

Ninamwita kando. Nyapara anamuuliza kwa upole, “Mwanangu, umerudia nini?” Anajibu bila kusita: “Shikamoo mzee, sululu ikipotea nitakatwa. Saiti niliyotoka nilikatwa beleshi, ujira wa siku nzima ukaisha.”

Jibu hilo linastahili kukaliwa chini. Kijana alielewa video barabara. Alijua ufa ni nini na ngazi iko wapi, lakini kichwani mwake kulikuwa na kanuni nyingine iliyomgharimu fedha halisi, ilhali kanuni yangu ilikuwa ya maneno na picha. Ningeweza kuongeza neno la nne, “Acha!”, na lisingebadili kitu, kwa sababu hakuna sauti iliyorekodiwa inayoshindana na makato ya ujira. Kinachotakiwa ni mwenye mamlaka ya makato aonekane akiyafuta.

Saa 5:00 ninakwenda kwa meneja wa mradi na mtunza stoo. Mazungumzo ni mafupi kuliko nilivyotarajia: tunakubaliana kwamba kifaa kilichoachwa mtaroni baada ya filimbi hakitahesabiwa kwa kibarua, na mtunza stoo atakiandika kwenye daftari lake kwa jina la mtaro. Mtunza stoo ananung'unika kwamba watu watazisahau sululu kwa makusudi. Namjibu kwamba filimbi iko shingoni mwa nyapara na mwangu tu.

Saa 8:00, baada ya ugali na maharage, ninawaonyesha vibarua watatu vipande viwili vya majaribio kuhusu ufa. Katika kile cha kwanza mpiga picha amenyunyiza chokaa juu ya ufa ili uonekane vizuri kwenye televisheni. Ninawauliza watautambuaje mtaroni, na mmoja anajibu, “Ni ule mstari mweupe.” Kipande hicho kinaishia hapo. Cha pili kilipigwa adhuhuri, na hakuna anayeuona ufa kabisa, kwa kuwa jua likiwa utosini mwanya hauna kivuli. Kilichobaki ni kusubiri jua liiname.

Saa 10:40 jioni tunapiga upya. Kazi zimesimama na mtaro umekaguliwa, na tunautumia upande ulioegemezwa tu. Mwanga unakuja kwa ubavu na ufa unajichora wenyewe kwa mstari mweusi. Mpiga picha anaanza kwenye mkono wa nyapara, anaufuata mpaka kidole kinagusa ufa, bila kukata picha katikati, ili mtazamaji asipotee kati ya mkono na ardhi. Kisha inapigwa picha mpya: filimbi inalia, nyapara yuko chini na sululu mkononi, anaitupa palepale, anapanda ngazi, na juu anamkuta mtunza stoo. Mtunza stoo anamtazama akiwa mikono mitupu na kusema, “Sululu ni yangu, wewe toka. Hukatwi.” Tunarudia kwa sababu mara ya kwanza alilisema kwa kicheko, na neno la fedha likisemwa kwa kicheko kibarua hulichukua kuwa mzaha.

Nyapara anashauri jambo moja ambalo sikuwa nalo: aliyefukiwa akionekana, wenzake huruka ndani kumfukua, na ukuta uliobaki huwaangukia nao. Kwa hiyo tunaongeza kipande kifupi ambapo “Ita!” inatamkwa huku vijana wawili wakizuiwa mabegani wasiruke, na mmoja akikimbilia kwetu.

Saa 12:20 jioni ninakaa na mpiga picha kuunganisha vipande. Sehemu ya mtaro imerefuka kutoka dakika moja na nusu hadi dakika mbili na nusu, na ili video isivuke dakika tisa tunaondoa salamu za meneja zilizokuwa mwanzoni. Ninahakikisha filimbi inatangulia picha kwa sekunde moja kila mahali, kisha ninainakili kwenye flashi. Kesho saa 12:30 itaonyeshwa kwa wote, wageni na wa zamani, na mtunza stoo atasimama mlangoni mwa kontena akiwa na daftari lake, ili wamwone ni yuleyule.