Maharagwe yasiyo na vinundu: nilivyofuata naitrojeni shambani

Nilikodi ekari mbili karibu na Kitale. Aliyelima kabla yangu alikuwa akitia, kila mwaka na kwa kila ekari, mfuko mmoja wa DAP wakati wa kupanda na mifuko miwili ya urea ya kukuzia. Mavuno yalikuwa yamekwama kwenye magunia 18 kwa ekari. "Shamba hili limezoea mbolea, kijana wangu," jirani mmoja mzee aliniambia. "Ongeza mfuko." Nikamjibu, "Sawa mzee, lakini ngoja kwanza nipige hesabu."

Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, na wa DAP una 9. Kwa hiyo kila ekari ilikuwa ikipata kilo 55. Magunia 18 ya kilo 90 ni kilo 1,620 za mahindi, na punje huwa na naitrojeni ya karibu asilimia 1.5, yaani kilo 24 tu. Hata ukiyahesabia mabua sehemu yake, kuna nyingi iliyokuwa ikipotea.

Dalili ya kwanza niliipata kwenye maharagwe niliyochanganya na mahindi. Yalipoanza kutoa maua niliyachimbua kwa jembe, maana ukiyang'oa kwa mkono vinundu vya mizizi hubaki ardhini. Vilikuwa vichache, vidogo, na nilipovipasua ndani vilikuwa vyeupe. Kinundu kinachofanya kazi huwa chekundu ndani. Humo bakteria wa rizobia hugeuza naitrojeni ya hewa kuwa amonia, na mmea huwalipa kwa sukari. Udongo ukiwa umejaa naitrati, naitrojeni ambayo mizizi huinyonya moja kwa moja, mharagwe hauoni sababu ya kulipa, hivyo haujengi vinundu. Urea ilikuwa imeifuta kazi ambayo ingefanyika bure.

Kipimo cha udongo kilionyesha pH 4.9, yaani asidi kali, na hapo ndipo mambo yalipoungana. Urea ikiingia ardhini huwa amonia baada ya siku chache. Bakteria aina ya Nitrosomonas huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa naitrati. Kazi hiyo huacha asidi. Mizizi ikiinyonya naitrati yote, sehemu kubwa ya asidi hiyo hufutika. Mvua ikiizamisha naitrati chini, asidi hubaki juu. pH ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu huanza kuyeyuka na kuua ncha za mizizi. Mizizi hiyo mifupi haifikii naitrati inayozama, kwa hiyo mwaka unaofuata inapotea zaidi. Mfuko wa tatu ungeongeza asidi tu.

Upande wa chini, karibu na kijito, hali ilikuwa nyingine. Mvua za masika zilipotuamisha maji, mahindi yaligeuka njano kuanzia majani ya chini. Bakteria wa mahali pasipo na hewa huchukua oksijeni iliyomo kwenye naitrati na kuirudisha naitrojeni angani. Nyingine hutoka kama oksidi ya naitrasi, gesi inayopasha dunia joto mara 270 hivi kuliko kaboni dayoksaidi kwa uzito uleule. Kwenye udongo wenye asidi hatua ya mwisho ya kazi hiyo hulegea, kwa hiyo gesi hiyo huzidi. Ni kweli kwamba mizizi iliyozama majini hugeuza majani njano hata naitrojeni ikiwepo, kwa hiyo rangi peke yake si ushahidi. Lakini kumwaga urea kwenye tope namna ile ni kuipeleka hewani.

Nilianza na chokaa ya kupunguza asidi, karibu tani moja kwa ekari kama maabara ilivyoshauri, nikailima ndani miezi michache kabla ya kupanda. Sikuiweka pamoja na urea, kwa sababu chokaa huipeperusha amonia. Urea niliipunguza hadi mfuko mmoja kwa ekari na kuigawa mara mbili: mahindi yalipofika magotini, na tena kabla ya kutoa mbelewele. Niliifukia kando ya shina kwa kina cha vidole viwili au vitatu badala ya kuitupa juu. Mbegu za maharagwe nilizipaka chanjo ya rizobia kivulini, maana jua huwaua bakteria hao, kisha nikazipanda katikati ya mistari ya mahindi, mbali na urea.

Upande wa chini nilichimba mtaro, na urea ya hapo nilisubiri hadi maji yakauke. Penye unyevu wa kudumu niliacha mahindi, nikapanda matete ya ng'ombe.

Msimu uliofuata pH ilikuwa 5.4. Vinundu vya upande wa juu vilikuwa vyekundu, na ekari ilitoa magunia 21 kwa kilo 32 za naitrojeni ya dukani. Mzee alikuja kuangalia, akapasua kinundu kimoja kwa ukucha, akauliza ile chokaa inauzwa wapi.